Kutoka picha ya simu hadi jibu moja: mlinganyo wa logi na jibu la bandia

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa kwenye twisheni yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, ujumbe uliingia kwenye simu ukiwa na picha: "Shikamoo mwalimu, ni mimi wa Mpwapwa, natumia simu ya mama. Hili swali limenipa majibu mawili, 4 na −6. Nyuma ya kitabu wameandika 4 peke yake. Hiyo −6 nimekosea wapi?"

Nilimjibu: "Marahaba mwanangu. Hujakosea hesabu hata mstari mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Alijumlisha vizuri, akazidisha vizuri, akavunja mlinganyo katika vigawo bila kasoro. Hata hivyo −6 si jibu la swali lake. Hali hii inawasumbua wanafunzi wengi kwa sababu tumezoea kwamba jibu lisilo sahihi hutokana na kosa, na kwamba ukilitafuta kosa utalipata. Katika milinganyo ya logi, jibu la bandia linaweza kuingia ndani ya kazi iliyofanywa kwa usahihi kabisa. Ukilitafuta kwa kurudia hesabu zako, utazirudia mpaka jua lizame, na kila mara litarudi lile lile. Inabidi ujue linapitia mlango gani, na uwe umeusimamia mlango huo kabla hujaanza.

Nitapita na swali lake mwanzo hadi mwisho, kuanzia kwenye picha yenyewe, kwa sababu nusu ya taabu ya swali lililotumwa kwa simu iko kwenye kulisoma.

Soma picha kabla ya kushika kalamu

Picha yake ilipigwa nje, juani. Jua letu la huku kati likipiga karatasi nyeupe moja kwa moja, maandishi ya penseli hung'aa na kupotea, halafu kivuli cha simu kinakatiza swali katikati. Upepo nao ulikuwa umeinua ukingo wa ukurasa, kwa hiyo mwisho wa mstari ulikuwa umejikunja. Nilichokiona ni kitu kama hiki:

```
log2(x-2 + log2(x+4) = 4
```

Ile 2 baada ya "log" ilikuwa imeandikwa kubwa karibu sawa na herufi zenyewe, na bano moja halikuonekana. Mstari wa bluu wa kaunta buku ulipita juu kabisa ya alama ya kutoa, hivyo sikuweza kuapa kama ni alama au ni mstari wa daftari.

Kuna njia zaidi ya moja ya kuisoma picha hiyo. Ya kwanza ni kwamba 2 ni kizio, ile besi inayoandikwa chini kidogo ya mstari, na kwamba x − 2 yote imo ndani ya mabano. Ya pili ni kwamba 2 inazidisha mabano, na logi ni ya kizio 10 ambayo kwa kawaida haiandikwi. Ya tatu ni kuyapuuza mabano kana kwamba hayapo kabisa: logi ya x katika kizio 2, halafu unatoa 2 nje ya logi. Hiyo ni milinganyo mitatu tofauti, na kila mmoja una jibu lake.

Ukichukua usomaji wa pili, unapata 2(x − 2) mara 2(x + 4) sawa na 10⁴, yaani 10000. Ukigawanya kwa 4 inabaki (x − 2)(x + 4) = 2500, na x inatoka kama 49.09 hivi, desimali isiyoisha. Maswali ya vitabu vya sekondari hupangwa ili yatoke vizuri, kwa hiyo jibu la namna hiyo ni dalili ya kurudi kwenye picha. Ni dalili tu. Haithibitishi kitu.

Usomaji wa tatu ndio wa hatari, na naomba uutazame kwa makini:

```
log₂ x − 2 + log₂ x + 4 = 4
2 log₂ x + 2 = 4
log₂ x = 1
x = 2
```

Jibu limetoka namba kamili, zuri, dogo. Ukilirudisha kwenye mlinganyo ulioandika, linakubali: 1 − 2 + 1 + 4 ni 4. Mwanafunzi ataweka alama ya vema na kufunga daftari. Lakini kwenye swali halisi x haiwezi kuwa 2 hata kidogo, maana x − 2 ingekuwa sufuri. Kwa hiyo jibu kutoka namba kamili hakukuhakikishii kwamba umesoma sawasawa, na hata kulirudisha jibu kwenye nakala yako hakutoshi ikiwa nakala yenyewe imekosewa. Ukaguzi wa mwisho unarudi kwenye picha.

Basi hatua ya kwanza ni kuinakili picha kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, na kumtumia mwenye swali umwulize. Mimi nilimwandikia hivi: "Logi ya kizio mbili ya mabano x kutoa mbili mabano, jumlisha logi ya kizio mbili ya mabano x jumlisha nne mabano, sawasawa na nne. Ndiyo hivyo?" Kuandika kwa maneno kunasaidia, kwa kuwa neno "kizio" na neno "mabano" haviwezi kufichwa na kivuli. Akajibu ndiyo, mabano yapo yote.

Kama wewe ndiye unayepiga picha, kaa kivulini, chini ya mwarobaini au mlangoni, mwanga utoke upande. Kandamiza ukurasa na kitabu kingine au jiwe. Shika simu iwe sambamba na karatasi, isiinamie upande mmoja. Piga na namba ya swali na maelekezo yake, kwa sababu mara nyingine pale juu pameandikwa "logi zote ni za kizio 3" na wewe umekata sentensi hiyo. Kama umenakili swali mwenyewe, shusha kizio chini ya mstari na ukifanye kidogo kweli.

Andika masharti kwanza, kabla ya kanuni yoyote

Sasa tunalo swali:

```
log₂(x − 2) + log₂(x + 4) = 4
```

Mkono unawasha kuunganisha zile logi mbili. Usiunganishe bado. Kabla ya yote, jiulize x inaruhusiwa kuwa namba gani.

Logi ya kizio 2 inauliza swali moja: nipandishe 2 kwa kipeo gani ili nipate namba hii? Kwa 8 jibu ni 3. Kwa 1 jibu ni 0. Kwa 1/8 jibu ni −3. Angalia hiyo ya mwisho: kipeo kimekuwa hasi, lakini namba yenyewe, 1/8, bado ni chanya. Pandisha 2 kwa kipeo chochote unachotaka, utapata namba kubwa au utapata kipande kidogo sana karibu na sufuri, ila hutapata sufuri yenyewe wala namba hasi. Kwa hiyo swali la "kipeo gani kinanipa −8" halina jibu. Ukichukua majedwali ya hisabati ya tarakimu nne, ukurasa wa logi unaanza na 10 na kuishia 99. Hakuna safu ya namba hasi. Ukibonyeza logi ya −8 kwenye kikokotoo cha kisayansi, vingi vitakuandikia `Math ERROR`.

Watu huchanganya mambo mawili hapa, nayo nayarudia kila mwaka. Logi kama jibu inaweza kuwa hasi. Logi ya 0.5 katika kizio 2 ni −1. Kisichoweza kuwa hasi ni kile kilichomo ndani ya mabano ya logi.

Swali letu lina logi mbili, kwa hiyo masharti ni mawili, na kila moja linaandikwa kwa logi yake:

```
x − 2 > 0,  yaani  x > 2
x + 4 > 0,  yaani  x > −4
```

Masharti yote mawili lazima yatimie kwa pamoja. Chora mstari wa namba, weka duara wazi kwenye −4 na mshale kuelekea kulia, kisha duara wazi kwenye 2 na mshale kuelekea kulia. Mishale inapolaliana ni kuanzia baada ya 2. Namba kubwa kuliko 2 tayari ni kubwa kuliko −4, basi sharti moja tu linabaki: x > 2. Hilo ndilo eneo halali la x. Duara ni wazi kwa sababu 2 yenyewe haimo.

Zungushia sharti hilo kwa kalamu. Wanafunzi wangu huliandika upande wa kulia juu ya kazi na kulichorea kisanduku, na hawaruhusiwi kuendelea mpaka kisanduku kiwepo. Sababu ya kuliandika sasa hivi badala ya mwisho ni kwamba hatua inayofuata italificha. Ukishaunganisha logi, ile x − 2 na ile x + 4 hazionekani tena kila moja na logi yake, na utakuwa huna mahali pa kusomea masharti.

Sasa tatua

Kanuni ya kujumlisha logi za kizio kimoja inasema jumla yao ni logi ya zao lao. Kisha badilisha umbo la logi kuwa umbo la kipeo:

```
log₂[(x − 2)(x + 4)] = 4
(x − 2)(x + 4) = 2⁴ = 16
x² + 2x − 8 = 16
x² + 2x − 24 = 0
(x + 6)(x − 4) = 0
x = −6  au  x = 4
```

Sina mengi ya kusema hapa, isipokuwa kuhusu mstari wa pili. 2⁴ ni 16. Wengi huandika 8, kwa kuzidisha 2 na 4, na nitarudi kwenye kosa hilo muda si mrefu kwa sababu lina funzo lake kuhusu ukaguzi.

Rudi kwenye kisanduku: x > 2. Namba 4 ni kubwa kuliko 2, inakubalika. Namba −6 si kubwa kuliko 2, inakataliwa.

Halafu rudisha kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule ulio kwenye picha. Ukiweka 4, unapata logi ya 2 jumlisha logi ya 8, yaani 1 + 3, ambayo ni 4. Imekubali. Ukiweka −6, unapata logi ya −8 jumlisha logi ya −2. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyopo. Sentensi yenyewe haina maana, kwa hiyo huwezi hata kuuliza kama upande wa kushoto ni sawa na wa kulia.

−6 iliingilia wapi

Mwanangu wa Mpwapwa hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika. "Mwalimu, lakini nikiiweka −6 kwenye (x − 2)(x + 4) = 16, inakubali."

Inakubali kweli. Mabano ya kwanza yanakuwa −8, ya pili −2, na hasi mara hasi ni chanya: 16 kamili. Hapo ndipo mlango ulipo.

Kanuni ya logi inasema logi ya A jumlisha logi ya B ni logi ya AB, na ina sharti lake: A na B zote ziwe chanya. Ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia hakuna tatizo, kwa sababu kama A na B ni chanya, zao lao ni chanya. Ila ukirudi kutoka kulia kwenda kushoto, zao kuwa chanya hakuhakikishi kwamba kila moja ni chanya. Zinaweza kuwa hasi zote mbili. Swali la awali lilikuwa linadai mambo mawili, x − 2 iwe chanya na x + 4 iwe chanya. Mlinganyo mpya unadai jambo moja tu, zao liwe chanya. Eneo la x limepanuka. Zamani lilikuwa x > 2 peke yake. Sasa limeongezeka eneo jingine zima, x < −4, ambako mabano yote mawili ni hasi. Na −6 inakaa huko.

Kwa hiyo mlinganyo wa kipeo cha pili haukudanganya. Uliulizwa namba gani zinafanya zao liwe 16, ukajibu kwa uaminifu: mbili. Wewe ndiye unayekumbuka kwamba swali lako lilikuwa jembamba kuliko hilo.

Kwa wasomaji wa Kidato cha Sita, au mlioko UDOM, mtakaosema kwamba logi ya namba hasi ipo kwenye namba changamano: ipo, lakini haimwokoi −6. Ukichukua thamani kuu, logi ya −8 na logi ya −2 kila moja inabeba sehemu ya kufikirika yenye π, na sehemu hizo zinajumlishana badala ya kufutana. Jumla haiwi 4.

Ukaguzi wa aina mbili, na kila mmoja una kazi yake

Baadhi ya walimu hufundisha kuangalia masharti tu. Wengine hufundisha kurudisha jibu tu. Mimi nataka vyote viwili, na sababu ni ile 2⁴ tuliyoiacha kiporo.

Chukua mwanafunzi aliyeandika 2 mara 4, akapata 8 badala ya 16. Mlinganyo wake unakuwa x² + 2x − 16 = 0, na majibu yake ni kama 3.12 na −5.12. Anakwenda kwenye kisanduku: 3.12 ni kubwa kuliko 2. Inakubalika! Anaandika jibu. Masharti yamepita, na jibu bado si sahihi. Lakini angerudisha 3.12 kwenye swali, angepata logi ya 1.12 jumlisha logi ya 7.12, zao la namba hizo ni kama 8, kwa hiyo jumla ya logi ni 3 na si 4. Kosa lingejitokeza papo hapo.

Masharti hukamata jibu la bandia, lile lililokuja bila kosa. Kurudisha jibu hukamata kosa la hesabu. Na kurudisha kwenye picha, badala ya nakala yako, hukamata kosa la kusoma, kama ile x = 2 tuliyoipata mwanzoni.

Kama muda wa mtihani umebana, anza na masharti maana ni ya sekunde chache, kisha rudisha jibu lililobaki peke yake. Lililokataliwa na masharti halihitaji kurudishwa.

Usilikatae jibu kwa sababu ni hasi

Nilipomaliza kueleza, alinijibu: "Nimeelewa mwalimu. Majibu hasi tunayatupa." Nikashtuka, kwa sababu hilo ndilo wanafunzi wengi huondoka nalo, na kwa maswali matano ya kwanza ya kitabu huwa linafanya kazi. Nikamtumia hili:

```
log₂(1 − x) + log₂(3 − x) = 3
```

Masharti: 1 − x > 0 yanatupa x < 1, na 3 − x > 0 yanatupa x < 3. Kwa pamoja, x < 1. Sasa tatua:

```
(1 − x)(3 − x) = 8
x² − 4x + 3 = 8
x² − 4x − 5 = 0
(x − 5)(x + 1) = 0
x = 5  au  x = −1
```

Ukitupa hasi, unabaki na 5. Lakini 5 inafanya mabano yawe −4 na −2, zote hasi, zao 8: jibu la bandia lile lile, limevaa nguo ya chanya. Na −1 inafanya mabano yawe 2 na 4, logi zake 1 na 2, jumla 3. Jibu ni −1.

Alama ya x haina neno. Kinachotazamwa ni alama ya kile kilichomo ndani ya logi baada ya kuiweka x.

Pia usishangae majibu yote yakikataliwa. Mlinganyo log(x − 5) = log(2x − 3) unakupa x − 5 = 2x − 3, yaani x = −2. Ukiirudisha, pande zote mbili ni logi ya −7. Pande zimelingana kwa maandishi, lakini hazipo. Hapo andika "hakuna jibu" na usiogope, mtunzi alikusudia.

Kipeo kinachoshuka: hapa unaweza kupoteza jibu

Kuna kanuni nyingine inayopanua au kubana eneo la x, nayo ni ile ya kushusha kipeo mbele ya logi. Linganisha hizi mbili:

```
2 log₂ x = 6
log₂(x²) = 6
```

Kwenye picha yenye ukungu zinafanana sana, na wengi huziona kama kitu kimoja. Ya kwanza inadai x iwe chanya. Inatoa log₂ x = 3, x = 8, basi. Ya pili inadai x² iwe chanya, na x² ni chanya kwa kila x isipokuwa sufuri. Inatoa x² = 64, x = 8 au x = −8, na yote mawili ni halali: rudisha −8, ipandishe kipeo cha pili upate 64, logi yake ni 6.

Ukianza na ya kwanza ukapandisha 2 iwe kipeo, unaongeza jibu la bandia, −8, na masharti yatalikamata. Ukianza na ya pili ukashusha 2 mbele, unapoteza jibu la kweli, na hakuna ukaguzi utakaolirudisha, kwa sababu ukaguzi hukagua majibu uliyonayo tu. Kwa hiyo ukiona kipeo kimo ndani ya mabano ya logi, kiache humo. Badilisha kwanza kuwa umbo la kipeo, kisha tafuta kipeuo cha pili ukikumbuka alama zote mbili.

Na kizio kikiwa ndicho x, kama log ya 9 katika kizio x sawa na 2, sharti linahamia kwenye kizio: lazima kiwe chanya na kisiwe 1, kwa sababu 1 ukiipandisha kwa kipeo chochote inabaki 1. Unapata x² = 9, unakubali 3, unakataa −3.

Namna ya kuiandika kwenye karatasi ya majibu

Usilifute jibu la bandia kwa kufutio wala kulipigia mstari kimya kimya. Msahihishaji akiona majibu mawili, moja limekatwa bila maelezo, hajui kama umelikataa kwa kujua au umebahatisha. Liache lionekane na uandike sababu kwa mstari mmoja:

```
Masharti: x > 2
x = −6 inakataliwa, kwa kuwa x − 2 = −8 < 0
x = 4: log₂2 + log₂8 = 1 + 3 = 4
Jibu: x = 4
```

Mtihani wenyewe ukiwa wa Kiingereza, masharti na sababu andika kwa lugha ya mtihani. Mpangilio ni huu huu.

Jioni ya Jumamosi ile picha nyingine iliingia kutoka Mpwapwa. Safari hii ilikuwa imepigwa kivulini, ukurasa umekandamizwa na kikombe, kizio 3 kimeshushwa chini ya mstari kidogo kama punje ya ulezi. Hakukuwa na swali lolote kwenye ujumbe. Ilikuwa kazi iliyokwisha, na juu kulia, ndani ya kisanduku, alikuwa ameandika x < 4 kabla ya mstari wa kwanza wa hesabu.